Wanafunzi 34 na kibuyu kimoja: tamthilia gani?

*Swali: Mimi ni mwalimu wa Kiswahili, shule ya kata, na nimekabidhiwa klabu ya maigizo. Nina wanafunzi 34 wanaotaka kuigiza. Hatuna jukwaa wala mapazia, na pesa ya vifaa haifiki hata elfu hamsini. Tamthilia nyingi nilizo nazo zina watu saba, nane, waliobaki wanakaa tu kutazama wenzao. Naomba unitajie mchezo utakaowabeba wote.*

Mwalimu, chukua *Kinjeketile* ya Ebrahim Hussein, iliyotoka mwaka 1969. Inahusu Vita vya Maji Maji na mganga wa Ngarambe aliyewapa watu maji ya kuwakinga na risasi za Wajerumani.

Usichague mchezo kwa kuhesabu majina kwenye orodha ya wahusika. Tazama umati una kazi gani. *Ngoswe* ya Semzaba, kwa mfano, ni mchezo mzuri na wanafunzi wanaupenda, lakini mambo mengi yanatokea nyumbani kwa mzee Mitomingi, na mtu wa thelathini akiingia pale anakuwa mgeni asiye na shughuli. Isitoshe, karatasi za sensa ndizo roho ya mchezo, kwa hiyo lazima ziwepo na mwisho zichomwe moto mbele ya watu. Katika *Kinjeketile* umati ndio wenye njaa, ndio wanaofanyishwa kazi kwenye mashamba ya pamba, na ndio wanaoamua kuyaamini maji. Ukiuondoa, hakuna mchezo. Soma kitabu na penseli mkononi, weka alama kila ukurasa ambao watu wengi wanaweza kuwepo bila kulazimisha. Zikiwa chini ya theluthi moja ya kurasa zote, tafuta kitabu kingine.

Wagawe hivi. Wanafunzi kumi na wawili hivi wachukue nafasi zenye maneno mengi: Kinjeketile, Kitunda, wake zao, Chausiku binti wa Kitunda, wasimamizi wa shamba na wazee. Wanne wakae pembeni na ngoma, wawili wafuate maandishi na kukumbusha waliosahau. Wanaobaki kumi na sita wafanye makundi manne ya wanne wanne, kila kundi likiwa watu wa kabila moja: Wamatumbi, Wangindo, Wakichi, Wazaramo. Mgawanyo huu umetoka ndani ya mchezo wenyewe, maana makabila yanakutana yakiwa hayaaminiani. Kwa hiyo kila kundi lisimame peke yake, lenye mlinzi wake wa upande. Siku makundi yanapochanganyika kwa mara ya kwanza, mtazamaji ataelewa kwamba kuna jambo limebadilika, hata kabla mtu hajafungua kinywa.

Mchezo unaanza na wanawake wawili, mke wa Kinjeketile na mke wa Kitunda, wakizungumzia njaa. Waongozaji wengi wa shule wanaharakisha hapa, kwa kuona watu wawili tu wanaongea. Usiharakishe. Weka makundi yako manne nyuma yao, wakilima pamba kimya kimya bila majembe. Jembe la kuwaza lina sheria zake: vidole vinaacha nafasi ya unene wa mpini, mgongo unashuka kabla ya mikono, na mtu akitaka kufuta jasho lazima kwanza aweke jembe mahali. Mwanafunzi akijifuta uso kwa mkono ule ule ulioshika mpini, jembe limepotea, na watoto wa Kidato cha Kwanza walioketi mbele wataanza kucheka.

Kisha mto. Kinjeketile anavutwa na nguvu isiyoonekana hadi Rufiji, anazama, na watu wanabaki ukingoni wakimngoja. Walimu huniuliza maji yatatoka wapi. Hayatoki popote. Makundi mawili yapige magoti safu mbili zinazotazamana, bega kwa bega, waachie nafasi ya mtu mmoja kutambaa. Wayumbe polepole na kutoa pumzi kwa meno. Kinjeketile atambae katikati, na anapofika mwisho safu ya mbele isimame na kumziba. Anajificha hapo hapo, nyuma ya wenzake. Makundi mawili yaliyobaki ndiyo watu wa ukingoni. Mpigaji mmoja wa ngoma agonge taratibu, kisha aache. Ule ukimya ndio usiku unaopita.

Vifaa sasa. Kibuyu kimoja chenye maji ya kweli, usinga wa kunyunyizia, fimbo, kanga ambazo wasichana wanazo nyumbani, na mabua ya mtama kama ni msimu wake. Askari wa Wajerumani watambulike kwa kofia za aina moja na mwendo wa kwata. Bunduki za mbao ziache. Zinaanguka, zinavunjika, na mtu lazima aseme "pa!" kwa mdomo. Risasi iwe pigo moja kavu la ngoma, na aliyepigwa aanguke baada ya pigo, si pamoja nalo.

Kinachoharibu michezo ya watu wengi ni kelele. Mwalimu anawaambia umati "onyesheni hasira", wote kumi na sita wanapiga kelele mara moja, na maneno ya Kitunda, ambaye ndiye anayetaka watu wafikiri kabla ya vita, yanapotea. Weka sheria kwamba kundi moja tu linajibu kwa wakati mmoja, mengine yanasikiliza kwa macho. Ndani ya kundi mtu mmoja aseme, watatu wamuunge mkono kwa sauti ya chini. Kupima, weka simu kiti cha mwisho ukumbini, rekodi dakika tano, kisha sikiliza bila kutazama picha. Neno usilolisikia kwenye simu, mzazi wa nyuma naye hatalisikia.

Huenda ukataka kupunguza urefu. Punguza mabishano yanayojirudia, lakini usiguse mahali ambapo Kinjeketile, akiwa amepandwa na roho aitwaye Hongo, anatamka kwamba watu watakuwa watoto wa Seyyid Said. Wanafunzi huliona ni sentensi ya kupita tu. Hapo ndipo shaka yake inapoanzia: roho inayoahidi kumtoa mkoloni mmoja na kuwapeleka kwa sultani ni roho gani? Sentensi hiyo ikikatwa, nusu ya pili ya mchezo inakuwa ya mtu anayesitasita bila sababu, na kukataa kwake mwishoni kusema kwamba maji yalikuwa uongo hakueleweki tena. Mwambie anayeigiza aiseme polepole, na umati usishangilie juu yake.

Kama klabu yako ni ya wasichana watupu, tazama pia *Nguzo Mama* ya Penina Muhando, ya mwaka 1982. Wanawake wa kijiji kimoja wanajaribu kuisimamisha nguzo iliyolala, na yupo msimulizi wa kuunganisha matukio. Nguzo ndiyo kifaa chako kikubwa pekee, na gogo la mgomba linatosha. Chagua lililokauka kidogo. Bichi ni zito mno na linachafua nguo za shule kwa utomvu usiotoka.

Kuhusu haki, vitabu vyote viwili bado vinalindwa. Kuigiza darasani ni jambo dogo, lakini mkitoza kiingilio au kurekodi na kusambaza, mwandikie mchapishaji mapema uombe ruhusa, na umweleze kurasa mlizopunguza. COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania, wanaweza kukuelekeza pa kuanzia. Barua iende kabla hujagawa nafasi, maana majibu huchelewa kuliko mazoezi.