Pointi za Kadi ya Mkopo Wakati Deni la Zamani Halijaisha

Swali: Nina kadi ya mkopo yenye ada ya 6,000 kwa mwaka na riba ya asilimia 24. Nina deni la zamani la 100,000. Manunuzi yangu yote, kama 40,000 kwa mwezi, hupitia kwenye kadi ili nipate pointi, pointi 1 kwa kila 100. Kila mwezi nalipa manunuzi mapya yote pamoja na riba, kwa hiyo deni haliongezeki. Je, pointi zinafidia ada?

Jibu: Ndugu msomaji, pointi zako hazifidii ada, na sababu kubwa si ada yenyewe. Manunuzi yako mapya, ambayo unayalipa kwa uaminifu kila mwezi, karibu kwa hakika yanatozwa riba bila wewe kuiona.

Tuanze na thamani ya pointi, kwa kuwa wengi huikadiria juu mno. Manunuzi ya 40,000 kwa mwezi yanakupa pointi 400, yaani 4,800 kwa mwaka. Thamani yake ni fedha taslimu ambazo ungezitoa mfukoni kama pointi hizo zisingekuwapo, wala si bei iliyoandikwa kwenye orodha ya zawadi. Ikiwa pointi 4,800 zinakupatia kitu ambacho kweli ungekinunua kwa 7,200, basi kila pointi ina thamani ya 1.5, na tuzo yako ni asilimia 1.5 ya matumizi. Ikiwa ungeridhika na kitu cha namna hiyo hiyo cha 5,000, thamani ya pointi zako ni 5,000, hata kama orodha inasema vingine. Nitatumia 7,200, ambayo ni hesabu ya ukarimu.

Mtu anayelipa deni lote la kila taarifa ya akaunti kabla ya tarehe ya mwisho hupata siku za bila riba: kuanzia siku ya kununua hadi siku ya kulipa, benki haimtozi chochote. Kwake, 7,200 ukitoa ada ya 6,000 hubaki 1,200, faida ndogo lakini ya kweli. Kwa kadi nyingi, hata hivyo, siku hizo hutolewa kwa sharti kwamba deni lote limelipwa. Likibaki deni lolote, nafuu hiyo huondolewa kwa manunuzi mapya pia, na kila unachonunua huanza kuhesabiwa riba tangu siku kinapoingia kwenye akaunti. Benki haitazami kwamba ulikusudia kulipa manunuzi mapya na kuliacha la zamani; huchukua deni lote lililopo kila siku na kulitoza riba ya siku hiyo.

Sasa tuyafuate manunuzi yako ya mwezi mmoja. Mengine unayafanya mwanzoni mwa mwezi na mengine mwishoni, kwa hiyo kwa wastani kila nunuzi hukaa siku 15 hivi kabla taarifa haijatolewa. Tuseme unalipa siku 21 baada ya taarifa. Jumla ni siku 36. Riba ya asilimia 24 kwa mwaka juu ya 40,000 kwa siku 36 ni karibu 950, ilhali pointi 400 ulizopata kwa manunuzi hayo hayo zina thamani ya 600. Kila mwezi, kabla hata hatujagusa ada, unapoteza 350 hivi kwa kutafuta pointi.

Ukitaka kujua tuzo inadumu siku ngapi kabla ya kuliwa na riba, tumia hesabu hii:

```
siku = tuzo (%) ÷ riba ya mwaka (%) × 365
1.5 ÷ 24 × 365 = 22.8
```

Nunuzi likikaa kwenye kadi yako zaidi ya siku 22, tuzo yake imekwisha. Pointi hutolewa mara moja tu, siku ya kununua, lakini riba huendelea kuhesabiwa kila siku deni linapokuwapo.

Kwa mwaka mzima, manunuzi mapya yanakugharimu riba ya karibu 11,400. Ongeza ada ya 6,000, unapata 17,400 dhidi ya pointi za 7,200, yaani hasara ya kama 10,200. Sikuingiza riba ya deni la zamani, ambayo ni kama 24,000 kwa mwaka, kwa sababu ungeilipa hata kama usingekusanya pointi moja. Kuitwisha pointi mzigo huo kusingekuwa haki. Hata kwa hesabu hii ya upole, bado hazijilipi.

Unaweza kuthibitisha haya kwa taarifa yako ya mwisho. Tafuta mstari wa riba. Deni la 100,000 peke yake huzaa karibu 2,000 kwa siku 30. Ukiona kiasi kinachokaribia 2,900, manunuzi mapya yanatozwa riba. Ukiona 2,000 tu, huenda mkataba wako ni wa aina chache zinazoyapa manunuzi mapya siku za bila riba licha ya deni la zamani, na hapo hesabu yangu ya 950 haikuhusu.

Ushauri wangu ni kuacha kununua kwa kadi hii hadi deni liishe, lakini sitaki ufikiri kwamba ni jambo la siku moja. Mwezi wa kwanza ndio mgumu, kwa sababu mshahara mmoja utatakiwa kulipia manunuzi ya mwezi uliopita yaliyo kwenye kadi na pia manunuzi ya mwezi huu kwa fedha taslimu. Wasomaji wengi hujaribu, hukwama katikati ya mwezi, kisha hurudi kwenye kadi wakiwa wamekata tamaa. Punguza kwa hatua: mwezi huu lipia robo ya manunuzi kwa taslimu, mwezi ujao nusu, na kuendelea. Wakati huo huo, usiisubiri tarehe ya mwisho. Lipa kadi siku ile ile mshahara unapoingia. Kwa kuwa riba huhesabiwa kwa siku, kulipa siku 15 mapema kwa 40,000 kunakuokolea karibu 400 kila mwezi, nayo ni theluthi mbili ya thamani ya pointi zako za mwezi mzima.

Kuhusu ada, ile uliyokwisha kulipa isikufunge. Linalokuhusu ni ada ijayo, nayo ikiingizwa kwenye kadi yenye deni hutozwa riba kama nunuzi lolote. Kabla haijaingia, iombe benki ikuhamishie kwenye kadi yake isiyo na ada, na uulize kama riba itabaki ile ile. Uliza pia pointi zako zitakuwaje, kwa maana katika mipango mingi pointi hufutwa akaunti inapofungwa. Zitumie kwanza. Ukiruhusiwa kuzigeuza kuwa malipo ya deni, angalia kiwango cha kubadilishia, ambacho mara nyingi huwa chini kuliko cha zawadi nyingine, na ukumbuke kwamba kwa kawaida malipo hayo hayahesabiwi kama kiwango cha chini unachotakiwa kulipa kila mwezi.

Siku utakapolimaliza deni lote, usishangae kuona riba ndogo kwenye taarifa inayofuata. Hiyo ni riba ya siku zilizopita kati ya taarifa na malipo yako. Ilipe nayo, na kabla ya kurudi kununua kwa kadi soma mkataba kuona siku za bila riba zinarejeshwa lini: kuna benki zinazotaka taarifa moja iliyolipwa yote, na nyingine zinataka mbili mfululizo.