Sekunde mbili kwa siku, na kengele iliyochelewa dakika tatu

Desemba moja, shule ikiwa imefungwa, nilifunga kengele ya kujiendesha katika sekondari moja mkoani Morogoro. Saa yake ilikuwa chipu ya DS1307 na kristali ya 32,768 Hz. Niliilinganisha na simu, nikaondoka. Siku ya tisini mwalimu wa zamu akanipigia: "Fundi, kengele yako inachelewa." Nilikuta iko nyuma kwa sekunde 192.

Wewe unayeanza kazi hii utashawishika kubadilisha betri au kuchokonoa programu. Kwanza piga hesabu:

```
192 / (90 * 86400) * 1000000 = 24.7 ppm
```

Hizo ppm ni sehemu katika milioni: katika kila sekunde milioni moja, saa yangu ilipoteza karibu 25. Siku ina sekunde 86,400, kwa hiyo ppm 1 ni sekunde 0.0864 kwa siku. Kumbuka namba hiyo. Kristali yangu ilipaswa kutikisika mara 32,768 kwa sekunde, nayo ilipungukiwa na chini ya mtikisiko mmoja. Lakini chipu inahesabu mitikisiko tu. Upungufu wa leo haurudishwi kesho, unaongezwa juu ya ule wa jana. Ndivyo sekunde 2 kwa siku zilivyofika dakika 3.

Karatasi ya kristali ilisema ±20 ppm. Zile karibu 5 zilizozidi zilitoka wapi? Boksi lilikuwa chini ya bati. Kristali za aina hii hutikisika kwa kasi yake ya juu kabisa kwenye nyuzi 25 hivi. Ukizipasha hupungua kasi, ukizipoza hupungua vilevile. Upungufu ni takriban ppm 0.034 mara tofauti ya nyuzi zidisha yenyewe. Mchana boksi lilifika nyuzi 45: tofauti ni 20, ukizidisha yenyewe ni 400, upungufu ni ppm 13.6. Hali hiyo ilidumu kama saa 10 kati ya 24, basi wastani wa siku ni ppm 5.7. Zinazobaki ni 19, na hizo zimo ndani ya ahadi ya karatasi. Hakuna kilichoharibika.

Angalia pia kristali imetengenezwa kwa kapasitansi gani. DS1307 inataka ya pikofaradi 12.5. Ukiipa ya pikofaradi 6, saa itachelewa hata kivulini. Wala usiguse miguu ya kristali kwa kichokonozi cha osiloskopu: kinaongeza pikofaradi zake, nawe utapima kosa ulilolileta mwenyewe. Pima kwenye pini ya SQW, ambako chipu hutoa mapigo yake nje.

Kama huna kifaa cha kupimia masafa, pima kwa siku nyingi. Jicho linalolinganisha saa mbili linaweza kukosea sekunde nzima. Ukipima siku moja, sekunde hiyo ni ppm 11.6, yaani hujajua lolote. Ukipima siku 10, inashuka hadi 1.2. Nimeona vijana wakipima jioni moja na kuandika namba ya kusahihishia yenye desimali tatu. Msifanye hivyo.

Usahihishaji wenyewe ni rahisi: kwa ppm 24.7, ongeza sekunde moja kila baada ya sekunde 40,486, yaani kama saa 11 na robo. Hapa kuna mtego ulionila wiki nzima. Ukiandika kwenye rejista ya sekunde, DS1307 inaanza upya kuhesabu mitikisiko ya sekunde hiyo. Ukiandika sekunde ikiwa imefika katikati, umepoteza nusu ya ile uliyotaka kuongeza. Soma rejista mpaka uone sekunde imebadilika, halafu uandike papo hapo. Na usiandike ikiwa 59, subiri inayofuata, usije ukavuruga dakika.

Mwanzoni mwa Juni niliilinganisha tena na simu. Mwisho wa Julai, baada ya siku 60, ilikuwa imetangulia sekunde 19. Kipupwe kilikuwa kimepoza bati, boksi likawa linafika nyuzi 37 tu mchana, na wastani wa upungufu wa joto ukashuka kutoka ppm 5.7 hadi 2. Mimi niliendelea kuilipa deni la Desemba. Ukizidisha ppm 3.7 kwa ile 0.0864, kisha kwa siku 60, unapata sekunde hizo 19.

Kwa kengele ya shule sekunde 19 zinavumilika, hivyo niliiacha. Kwa kifaa cha kuweka kumbukumbu, kinachokaa mwaka mzima bila mtu kukifikia, siku hizi natumia DS3231. Hiyo inapima joto lake na kujirekebisha, na ahadi yake ni ±2 ppm kati ya nyuzi 0 na 40, yaani kama dakika moja kwa mwaka. Boksi lake nalo nalifunga upande wa ukuta usiopigwa na jua.