Magamba ya ngozi na mashavu yaliyobabuka kwenye picha ya baridi

Swali: Fundi, nimempiga dada mmoja picha ya sura asubuhi ya baridi kali. Mashavu yamebabuka, pembeni ya pua ana pumu ya ngozi, na magamba yanaonekana yote. Nikipitisha Gaussian Blur kwenye Photoshop anakuwa kama sanamu. Nifanyeje?

Jibu: Acha kabisa Gaussian Blur. Inafuta magamba na vitundu vya ngozi kwa pamoja, na bila vile vitundu jicho halikubali kwamba ile ni ngozi.

Kuza picha hadi 100% uliangalie gamba moja. Utaona ukingo mweupe uliodaka mwanga, na chini yake kivuli chembamba. Kinachosumbua zaidi ni ule weupe, kwa hiyo uzime huo peke yake. Fungua leya tupu juu ya picha, chukua Clone Stamp, weka Mode iwe Darken, Opacity 40%, na Sample iwe Current & Below. Kwa Darken, brashi hugusa tu sehemu zilizong'aa kuliko pale ulipochota. Vitundu vyenye giza vinabaki salama. Brashi iwe kubwa kidogo tu kuliko gamba. Chota karibu, kwenye shavu lilelile na mwanga uleule, maana ukichota mbali yanabaki mabaka. Kivuli kikizidi, kipitie mara moja kwa Lighten, Opacity 20%.

Rangi ishughulikie baadaye, kwenye leya yake. Weka Hue/Saturation, chagua Reds, kisha sukuma Hue hadi mwisho kwa muda ili uone ni wapi panabadilika. Punguza upana wa rangi pale chini mpaka yabaki mabaka tu. Hapo rudisha Hue kwenye +8 hivi, Saturation -12, bonyeza Ctrl+I kugeuza maski iwe nyeusi, halafu paka kwa brashi nyeupe laini, Flow 10%. Midomo usiiguse.

Nilipotengeneza picha ya namna hii mara ya kwanza, niliondoa wekundu wote mashavuni. Pua na masikio yakabaki mekundu, uso ukaonekana umeungwa vipande. Siku hizi naacha kama theluthi moja ya wekundu, na baridi inabaki kuwa baridi.

Kama ngozi yake ni nyeusi, Reds huenda isikusaidie sana, kwa sababu pumu ya ngozi hapo mara nyingi huonekana ya kijivu au zambarau, na ukavu huonekana kama mpauko. Tumia leya tupu yenye Mode ya Color, chota rangi ya ngozi nzima iliyo jirani, upake kidogo kidogo. Baka likibaki na giza, liinue taratibu kwa Curves.

Kabla hujagusa lile baka la pembeni ya pua, muulize mwenyewe. Mashavu yatapona hali ya hewa ikibadilika, lakini pumu ya ngozi pengine anaishi nayo miaka yote, na wapo wanaotaka ibaki pichani kama ilivyo.