Fungua Sanduku la Bibi Yako

"Mama, nataka kuandika kitabu changu cha kwanza lakini sina dhamira. Nikishika kalamu sijui kitabu kihusu nini. Nianzie wapi?"

Mwanangu,

Dhamira iache kwanza. Miaka yote niliyokuwa nasoma miswada ya watu, iliyonichosha zaidi ni ile iliyoanza na dhamira. Mwandishi ameshaamua kukemea rushwa, basi kila mhusika akifungua kinywa anahutubia. Wewe tafuta vitu. Na unavyo, vimefungiwa kwenye sanduku la marehemu bibi yako kule Pangani.

Humo mna khanga. Ningekuwa wewe, ningeandika hadithi fupi 10, kila moja ikitoka kwenye khanga moja. Riwaya ya kwanza huwashinda wengi njiani, kwa kuwa kosa la sura ya 3 unakuja kuligundua ukiwa sura ya 15. Hadithi fupi ikikuharibikia umepoteza wiki mbili tu. Zipe maneno 2,000 kila moja; ukimaliza una maneno 20,000, kama kurasa 80 hivi. Ni kitabu chembamba, lakini ni kitabu.

Khanga imeshakufanyia nusu ya kazi. Ina pindo, ina mji, na ina jina, yale maneno yake. Maneno hayo hayasemwi hewani: yana anayeyavaa na anayevaliwa. Jirani akijifunga "Wache waseme" siku unayopita mlangoni kwake, hukosi kujua nani anaambiwa. Hapo una watu wawili na kinyongo kati yao, na hujaandika hata sentensi moja.

Kuna moja humo imeandikwa "Nilikudhani dhahabu kumbe adhabu". Usikimbilie maneno. Ikunjue kitandani uitazame. Khanga huuzwa doti, vipande viwili vilivyoungana, mwenyewe anakata na kupinda. Hii imebaki kipande kimoja, na pale ilipokatwa haikupindwa, nyuzi zinaning'inia. Kwenye pembe moja kitambaa kimenyauka, ndipo lilipokuwa likifungwa fundo la pesa. Basi uliza: kipande cha pili kiko wapi? Andika majibu matatu, kisha lifute la kwanza, maana hilo kila mtu angelipata. Langu la kwanza lilikuwa mume aliyeongeza mke. Nikalifuta. La pili, kipande kiliibwa kambani, halikunipeleka popote. La tatu ni hili: mashoga wawili walichangiana pesa wakanunua doti moja, wakaikata palepale dukani, kila mmoja akaenda na chake. Miaka ikapita, wakakosana. Sasa wote wana maneno yaleyale, na kila mmoja akimwona mwenzake kayavaa anajua ni yeye anayepigwa kijembe.

Ianzie arusini. Wote wawili wamealikwa, wote wamejifunga khanga hiyo, na jikoni kumebaki mbuzi moja ya kukunia nazi. Habari ya dukani ije baadaye, kwa sentensi mbili. Ukianza dukani utatumia kurasa tatu kueleza urafiki wao, na msomaji atakuwa keshaweka kitabu chini.

Mtego wa mradi huu ni mmoja, na utakunasa: utataka kila hadithi iishie kwenye yale maneno ya khanga, kama fumbo linaloteguliwa. Ya kwanza itapendeza. Ya tatu msomaji atakuwa anakungoja mwishoni. Ujipime hivi: ziba aya ya mwisho kwa kiganja usome iliyo juu yake. Kama hadithi imetimia bila hiyo aya, ikate. Na khanga nyingine zisizungumze kabisa. Kuna moja imefifia hata maneno hayasomeki, ilikuwa mbeleko yako. Hiyo iandike kwa harufu na uzito.

Ukifikisha hadithi nne, zisome kwa siku moja, mfululizo, na pembeni andika kila mhusika anaficha nini. Ukiona watatu kati ya wanne wanaficha deni, au wanakwepa kutaja jina la mtu fulani, hiyo ndiyo dhamira uliyokuwa ukiitafuta, na sita zilizobaki utajua uziegemeze wapi. Nne za mwanzo nazo zitataka kurudiwa. Usishangae ukilazimika kuitupa moja nzima.

Kuhusu watu wetu: khanga chukua ilivyo, lakini mwenye khanga mbadilishie kijiji, kazi na idadi ya watoto. Ukimsikia mama yako mdogo anasema "huyu ni mimi", hujabadilisha vya kutosha.

Ufunguo anao yeye. Mpigie kabla hujapanda basi, na usiende mikono mitupu, mpelekee sukari. Khanga usizitoe zote kwa pamoja. Kila unayoitoa mwulize iliingiaje humo, kisha unyamaze mpaka amalize.

Mama yako