Betri za friji la chanjo: usipige hesabu ya betri mpya, piga ya betri iliyochoka kwenye wiki ya baridi

Hii nawaandikia mafundi mnaoanza, hasa mliopangiwa vituo vya nyanda za juu, Makete, Kitulo huko, Mbeya vijijini, sehemu ambazo mwezi wa sita na wa saba asubuhi unakuta majani yana umande ulioganda. Friji la chanjo linatakiwa likae kati ya digrii 2 na 8 muda wote, na umeme huko ukikatika sio wa masaa mawili, mti ukiangukia laini msimu wa mvua mnaweza kukaa siku mbili kabla fundi wa laini hajafika. Kwahiyo tunafunga inveta na betri. Shida ni kwamba wengi wanapiga hesabu nzuri kabisa ya friji alafu wanaigawa kwa namba iliyoandikwa kwenye betri, na hiyo namba ni ya betri mpya, imejaa, iko kwenye digrii 25. Makete hakuna digrii 25.

Twende na mfano mmoja mpaka mwisho. Kituo cha afya, friji la umeme wa kawaida wa volti 230, tunataka lihimili masaa 48 bila umeme.

Kwanza pima friji, usisome kibandiko ukaamini. Ile namba ya matumizi ya mtengenezaji imepimwa kwenye chumba cha joto maalum na mlango umefungwa, wewe una siku ya kliniki ambayo nesi anafungua mlango mara ishirini na kuna aisi paki za kugandisha. Chukua ile mita ndogo ya kuchomeka kwenye soketi, iache wiki nzima siku ya kliniki ikiwemo, gawa kwa saba. Na kama unaweza pima misimu miwili. Tuseme kwenye mfano wetu msimu wa joto tumepata yuniti 0.8 kwa siku na msimu wa baridi 0.6, chumba kikiwa cha baridi friji linahangaika kidogo tu.

Sasa inveta, na hapa ndo watu wanapotea. Inveta nayo inakula. Ikibadilisha umeme wa betri inapoteza kama asilimia 10, hiyo wengi wanaikumbuka, lakini kuna ule umeme inaokula yenyewe ikiwa imewashwa tu hata kama kompresa imepumzika. Ikiwa ni wati 15, kwa siku ni yuniti 0.36, karibu nusu ya friji lenyewe! Na haipungui baridi ikija. Ndo maana usichukue inveta kubwa kupita kiasi eti kwa usalama, ni kweli kompresa inapoanza inavuta mara kadhaa ya umeme wake wa kawaida kwa sekunde moja hivi na inveta lazima iuweze huo mshtuko, lakini inveta ya kilowati 5 kwa friji moja itakumalizia betri bure usiku kucha. Kuna inveta zina hali ya kulala ili zisile, izime hiyo, maana kidhibiti joto cha friji kinavuta wati chache sana, inveta inadhani hakuna mtu inalala, na friji linakaa bila umeme wakati betri zimejaa.

Haya, msimu wa joto: 0.8 gawa kwa 0.9 ni 0.89, jumlisha 0.36, ni yuniti 1.25 kwa siku. Siku mbili ni 2.5, yaani Wh 2500. Kwenye benki ya volti 24 hiyo ni Ah 104. Anayeanza akifika hapa anaandika "betri mbili za Ah 100 kwa sirizi" na anafunga kitabu. Hizo Ah 104 ndizo zinazotakiwa kutoka kwenye betri, na betri unayonunua ni habari nyingine.

Betri za risasi, za maji au kavu, usizinyonye mpaka tone la mwisho. Kwa kituo ambacho umeme unakatika mara chache lakini kwa muda mrefu mimi nakubali kutumia asilimia 80, kama unakatika kila siku shuka mpaka 50, la sivyo utanunua betri kila mwaka. Alafu umri: betri ya risasi inahesabika imekwisha ikishuka kufika asilimia 80 ya uwezo wake, na baada ya hapo inaporomoka haraka. Kwahiyo hesabu yako lazima itimie siku ile ya mwisho kabla hujaibadilisha, sio siku ya uzinduzi. Gawa kwa 0.8 nyingine.

Baridi sasa. Jedwali linalotumika sana kwa betri za risasi linasema betri yenyewe ikiwa na digrii 10 ongeza ukubwa mara 1.19, maana yake imebaki na kama 0.84 ya uwezo, na ikishuka mpaka digrii 4 hivi ni mara 1.30. Kwenye digrii 21 ni kama mara 1.04 tu, yaani imebaki na 0.96. Angalia nimesema betri yenyewe. Betri ni mzigo mzito, haifuati hewa ya alfajiri, hewa inaweza kufika digrii 5 na betri iko 10. Bandika kipimajoto ubavuni mwa betri, soma saa kumi na mbili asubuhi siku kadhaa, tumia hiyo namba. Na kama betri ziko kwenye kibanda cha bati nje, ziingize ndani kabla hujaanza kununua betri za ziada kwa ajili ya baridi.

Usichanganye matumizi ya joto na betri ya baridi, haviji pamoja. Piga mara mbili:

```
joto:   104 / 0.8 / 0.8 / 0.96 = 169 Ah
baridi:  86 / 0.8 / 0.8 / 0.84 = 160 Ah
```

Hiyo 86 imetoka kwenye yuniti 0.6 ya friji pamoja na inveta ile ile. Unaona zimekaribiana, friji limepunguza kula lakini betri nayo imesinyaa na inveta haijapunguza kitu. Chukua kubwa, 169, dukani utapata Ah 200, betri mbili za volti 12 kwa sirizi, umemaliza. Yule wa Ah 100 benki yake ikizeeka itampa kama Ah 61 msimu wa joto, friji na inveta vinakula 52 kwa siku, kwahiyo ana masaa 28 hivi. Alimwahidi mganga siku mbili.

Dukani uliza Ah hizo ni za kutoa kwa masaa mangapi. Betri ile ile ina namba kubwa ikipimwa kwa masaa 100 na ndogo ikipimwa kwa 10. Kwetu mzigo ni mwepesi na wa polepole kwahiyo ya masaa 20 inakupa akiba kidogo, ila mwenye duka asiyejua kujibu hilo swali mimi sinunui kwake. Na betri za gari za kuwashia injini hapana, hata ziandikwe 200, sahani zake ni nyembamba na kunyonywa mpaka chini mara chache tu kunazimaliza.

Kitu ambacho naona hakifundishwi vya kutosha ni kwamba baridi inageuka kuwa uzee. Betri ya baridi inataka volti nyingi zaidi ili ijae, kama milivolti 4 kwa kila seli kwa kila digrii chini ya 25. Benki ya volti 24 ina seli 12, betri ikiwa digrii 10 umeshuka digrii 15, hiyo ni volti 0.72. Chaja iliyosetiwa 28.8 inatakiwa ifike 29.5. Kama chaja haina sensa ya joto, au sensa ipo lakini inaning'inia hewani badala ya kubanwa kwenye betri, basi miezi mitatu yote betri hazijai, salfeti inaganda kwenye sahani, na uwezo ulioazima kwa baridi haurudi jua likitoka. Kwa betri za maji utagundua kwa haidromita: chaja inasema imejaa, taa ya kijani, lakini maji ya betri yanasoma 1.220 badala ya 1.265 na yamebaki hivo wiki nzima. Hapo usiilaumu betri, rekebisha chaja.

Angalia pia muda wa kurudisha. Ukitoa Ah 104 unatakiwa kurudisha kama 125 kwa sababu ya upotevu, chaja ya ampia 20 ni masaa sita na zaidi kidogo, jumlisha masaa kadhaa ya mwisho ambayo betri inapokea polepole. Umeme ukirudi masaa manne ukakatika tena, katizo la pili unalianza na betri ambayo haijajaa. Kama laini yenu ina tabia hiyo ongeza chaja (ndani ya kiwango mtengenezaji wa betri anachoruhusu) au weka paneli za sola, kuongeza betri peke yake hakutasaidia.

Inveta nyingi zinatoka dukani zimesetiwa kukata kwenye volti 21, hapo betri imekaushwa kabisa na ile asilimia 80 yako imekuwa maneno tu. Pandisha kufuata jedwali la betri yako.

Kila mwaka pima uwezo. Friji lirudishe kwenye umeme wa moja kwa moja, hakikisha koldi boksi na aisi paki ziko tayari umeme ukikatika katikati ya zoezi, jaza betri, alafu weka mzigo wa ampia 10 kwa benki ya Ah 200 na uandike volti kila saa. Ikifika volti 21 baada ya masaa 20 betri ni nzima, 18 bado ipo, 16 agiza mpya. Kama chumba ni cha baridi siku hiyo gawa jibu kwanza kwa ile namba ya uwezo uliobaki kwenye baridi, mfano 0.84, usije ukatupa betri nzima. Zijaze siku hiyo hiyo. Na ukibadilisha badilisha zote, mpya ikifungwa na iliyochoka ile mbovu inakata mapema na mpya haitumiki yote.

Friji za chanjo nyingi zina uwezo wa kushika baridi masaa kadhaa bila umeme. Hayo masaa mimi siyaingizi kwenye hesabu ya betri, nayaacha kwa ajili ya siku inveta imekufa na fundi yuko njiani na barabara ina tope. Ila soma kibandiko chake kile cha joto la chini kabisa la chumba, kama kimeandikwa digrii 10 na chumba chenu kinashuka 6 usiku, chanjo kama penta na homa ya ini zinaweza kuganda zikaharibika huku betri zako zinafanya kazi vizuri kabisa. Hilo lipime na kipimajoto cha chumba kabla hujafunga waya hata mmoja.