Homa ya mzazi si maziwa mpaka mfuko wa uzazi uwe umechunguzwa

Nimefanya kazi ya ukunga vijijini, kusini mwa Tanzania, kwa miaka mingi ya kutosha kujua kwamba mzazi akipata homa siku ya tatu au ya nne, maelezo huwa yamekwisha kupatikana nyumbani kabla hajaletwa kwetu. Wanaomuuguza husema maziwa yanashuka, au malaria imerudi, au amepigwa na baridi kwa kuwa hakukandwa vizuri. Mara nyingine maelezo hayo huwa ya kweli, kwa maana matiti yaliyojaa sana yanaweza kupandisha joto la mwili kidogo kwa muda usiozidi siku moja hivi, na malaria ipo. Lakini joto la nyuzi 38 au zaidi kwa mwanamke aliyejifungua ndani ya wiki 6 zilizopita lichukuliwe kuwa limetoka katika mfuko wa uzazi mpaka uchunguzi uonyeshe vinginevyo.

Nilijifunza hivyo kwa mzazi mmoja wa miaka 22. Uchungu wake ulikuwa mrefu, alipimwa njia mara nyingi, na kondo la nyuma lilitolewa kwa mkono. Siku ya tatu homa ilianza. Katika kituo alichokwenda kwanza, kipimo cha haraka cha malaria hakikuonyesha kitu, lakini alipewa dawa ya mseto pamoja na vidonge vya amoksisilini, akarudishwa nyumbani bila mtu yeyote kumgusa tumbo. Alipofika kwetu siku ya tano, mama mkwe wake aliniambia kwa upole, "Nesi, mwanangu ana homa ya maziwa tu, tumekuja kuchukua dawa ya kutuliza." Nilimjibu, "Sawa mama, lakini naomba kwanza nimpime."

Joto lilikuwa nyuzi 39.2, mapigo ya moyo 128 kwa dakika, pumzi 26 kwa dakika, na shinikizo la damu 96 kwa 58. Matiti yalikuwa laini. Nilipobonyeza chini ya kitovu alishika mkono wangu kwa maumivu, na kilele cha mfuko wa uzazi kilikuwa bado karibu na kitovu, ingawa kwa kawaida hushuka kiasi cha upana wa kidole kimoja kila siku na siku ya tano hutarajiwa kuwa nusu ya njia kuelekea kwenye kinena. Uchafu wa uzazi ulikuwa wa kahawia na ulinuka vibaya. Homa, maumivu ya tumbo la chini, mfuko usionywea na uchafu unaonuka ni picha ya uambukizo wa ukuta wa ndani wa mfuko wa uzazi, yaani endometraitisi. Pumzi zilizozidi 25 ndizo zilizonitisha zaidi, kwa sababu zilionyesha kwamba uambukizo ulikuwa umeanza kuulemea mwili mzima. Wakunga wengi huhesabu mapigo ya moyo kwa uangalifu na kuandika pumzi kwa kukisia. Naomba sana tuache mazoea hayo.

Wanaosababisha ugonjwa huu kwa kawaida si bakteria wa aina moja. Wengi wao huishi ukeni na utumboni bila kudhuru, kisha hupanda kuingia katika mfuko wenye kidonda kibichi mahali kondo lilipokuwa: e-koli na klebsiela, streptokokasi wa kundi B, pamoja na bakteria wasiohitaji hewa, ambao mara nyingi ndio wanaoleta ile harufu. Ndiyo maana amoksisilini peke yake haikumfaa. Ilikuwa imewaacha wengi wa hao bila kuguswa.

Yupo mmoja anayestahili kuogopwa kuliko wengine, naye ni streptokokasi wa kundi A, ambaye anaweza kutoka kwenye koo la mzazi mwenyewe, la ndugu anayemuuguza, au la mhudumu anayezalisha bila barakoa huku akiumwa koo. Huyu anaweza kumwangusha mama ndani ya saa chache katika siku mbili za kwanza, pengine kukiwa hakuna harufu yoyote na tumbo likiwa laini. Mzazi analalamika maumivu makali kuliko unayoyaona, anaharisha au kutapika, mapigo yanakwenda mbio, na joto linaweza hata kushuka chini ya nyuzi 36. Kukosekana kwa harufu kusimtulize mtu.

Kwa mzazi wetu tuliweka dripu, tukachukua damu ya kuotesha, na dawa ya kwanza ikaingia ndani ya saa moja. Shirika la Afya Duniani linapendekeza klindamaisini pamoja na jentamaisini. Klindamaisini ya sindano hatukuwa nayo, kwa hiyo tulitumia mseto mbadala wa mshipani: ampisilini gramu 2 kila baada ya saa 6, metronidazoli miligramu 500 kila baada ya saa 8, na jentamaisini miligramu 5 kwa kila kilo ya uzito, mara moja kwa siku. Hapo kwenye jentamaisini ndipo ninapokuta makosa mengi. Mzazi huyu alikuwa na kilo 58, kwa hiyo dozi yake ilikuwa miligramu 290, ambazo ni vichupa 3 vizima vya miligramu 80 na miligramu 50 kutoka cha nne. Mazoea ya kuchoma kichupa kimoja mara tatu kwa siku yangempa miligramu 240, tena zikiwa zimegawanywa vipande vipande, ilhali dawa hii huua vizuri inapofika kwa wingi kwa mara moja. Tulimwekea pia mpira wa mkojo, kwa kuwa jentamaisini hudhuru figo, na kupungua kwa mkojo ni dalili ya mapema kwamba mama anazidiwa.

Homa inapaswa kuanza kushuka ndani ya saa 48 hadi 72. Yake haikushuka. Hapo haifai kubadilisha dawa kwa kubahatisha, bali kutafuta kilichobaki: kipande cha kondo, jipu, kidonda cha upasuaji kilichooza, au damu iliyoganda katika mishipa ya nyonga. Tulimpa rufaa, na kipimo cha altrasaundi kikaonyesha mabaki ya kondo. Yalitolewa taratibu kwa bomba la kunyonya, maana mfuko wenye uambukizo ni laini na hutoboka kwa urahisi. Siku iliyofuata homa ilikuwa imeshuka.

Sindano ziliendelea mpaka alipotimiza saa 48 bila homa, kisha zikasimamishwa, na kwa kuwa damu iliyooteshwa haikuwa na bakteria hakupewa vidonge vya kwenda navyo nyumbani. Mama mkwe alishangaa, nami nikamweleza kwamba endometraitisi iliyopona kwa sindano haihitaji vidonge vya nyongeza, ila kama bakteria wangeonekana katika damu tungeendelea kwa siku nyingi zaidi. Aliendelea kunyonyesha muda wote, kwa kuwa dawa hizo hazikumzuia. Mtoto naye alichunguzwa joto, pumzi, kitovu na unyonyaji wake siku ileile mama alipolazwa, kwa sababu bakteria wanaomuumiza mzazi wanaweza kuwa wamekwisha kumfikia yeye pia.