Alamu ya simu ilinishinda, saa ya ukutani yenye rangi ndo imenishika

Swali: "Mdogo wangu yuko sekondari S4, amepimwa akakutwa na shida ya umakini. Kuanza kusoma ni vita, na akianza kuchora picha zake hawezi kuziachia. Nimemwekea alamu tano kwenye simu, zote anazima na anaendelea. Hizi saa za rangi wanazosema zinasaidia kweli ama ni za kuuzia watu tu?"

Mimi si daktari, ni fundi cherehani hapa Arua, Uganda, na hiyo shida ninayo mwenyewe, niliambiwa nikiwa na miaka 36 baada ya kupoteza wateja wengi sana wa sare za shule, kwa hiyo nakujibu kama mtu wa ndani. Zinasaidia, lakini saa peke yake inafanya kazi ndogo kuliko watu wanavyodhani, na hizo alamu tano zitoe kwanza kabla hujaongeza kitu kingine.

Alamu inakaa kimya dakika ishirini na tisa halafu inakurukia dakika ya thelathini. Hizo dakika zote za kimya mtu wa aina yetu hajui ziko wapi. Kichwani mwangu kuna "sasa" na kuna "siyo sasa", katikati hakuna kitu. Alamu ikilia inanikuta nimezama kabisa, kidole kinaizima chenyewe, na naapa kuna siku sikukumbuka hata kama ililia, mke wangu ndo aliniambia, "mbona umeizima mwenyewe?" Ukiweka tano unamfundisha tu kidole chake kuzima haraka zaidi. Halafu ni simu hiyo, anaishika kuzima alamu, anaona meseji, basi amepotea tena kwa njia nyingine.

Saa ya rangi inafanya kitu tofauti, inaonyesha muda ukiisha kidogo kidogo mbele ya macho. Ile ya duara jekundu linalopungua ilianzia kwa mama mmoja wa Marekani, Jan Rogers, miaka ya 1990, binti yake mdogo alikuwa anamsumbua na "bado muda gani?" na saa ya kawaida mtoto haelewi. Ile ya dukani ni ghali na huku kwetu kuipata ni shida, mimi nilitengeneza ya kwangu.

Chukua saa ya ukutani ya betri, yenye kioo cha kweli, si plastiki (yangu ya kwanza ilikuwa ya plastiki, rangi ilikataa kufutika, ikabaki na madoa kama imeugua). Nunua kalamu za ubao mweupe, kijani na nyekundu. Mimi nilifungua nikatoa mshale mfupi wa saa na ule mwembamba wa sekunde, nikaacha mrefu tu, kwa sababu hapa kila mtu anajua shida yetu, simu inaandika 14:40 wewe kichwani unageuza iwe saa tisa kasoro dakika ishirini, na mtu ambaye umakini wake ni mdogo anapotelea kwenye huko kugeuza. Mshale mmoja na kipande cha rangi kama kipande cha chapati, hakuna cha kugeuza. Na usiku sikiliza kama saa inagonga tik tik, kuna watu huo mlio wenyewe unawatoa kwenye kazi, uliza ile inayotembea kimya.

Sasa nikupe siku moja ya kazi uone inavyoenda. Nilikuwa na mashati 24 ya sare, kazi ya kuchosha, na pembeni kuna gauni moja la gomesi la harusi ambalo nalipenda mpaka nasahau kula. Zamani ningeanza na gomesi "kidogo tu" na jioni mashati yako vile vile. Siku hiyo saa mbili na nusu asubuhi mshale mrefu uko kwenye 6. Nikapaka kijani kutoka 6 mpaka 9, halafu nyekundu kutoka 9 mpaka 10. Hiyo ni dakika 15 za kijani na 5 za nyekundu, jumla 20. Kijani maana yake shona. Nyekundu maana yake usianze mshono mpya, malizia uliopo, kata uzi, chora kwa chaki kwenye kitambaa pale ulipofika, kunja weka kikapuni. Hiyo nyekundu ndo siri ya yote, kwa sababu kubadilisha kazi si tendo moja, ni matatu, kuacha, kuweka pembeni, na kuanza nyingine, na alamu ya kawaida inakudai yote matatu kwa sekunde moja.

Mwisho wa nyekundu kuna taima ya jikoni, ile ya kuzungusha. Nimeiweka juu ya rafu karibu na mlango, siifikii nikiwa nimekaa. Ikilia lazima nisimame, na nikishasimama nusu ya vita imeisha. (Hizi za kuzungusha ukitaka dakika chache zungusha kwanza ipite 10 halafu rudisha, la sivyo spring haikazi vizuri inakudanganya.) Pale kwenye taima ndo kuna kikapu cha kazi inayofuata, hivyo mkono unakutana nacho kabla macho hayajaona simu.

Na kuanza asubuhi, hapo saa haikunisaidia kabisa, niseme ukweli. Nilikuwa napaka kijani vizuri halafu naitazama ikiisha huku nimekaa. Kilichonisaidia ni kuacha shati la kwanza chini ya mguu wa cherehani tangu jana jioni, kola imeshabanwa na pini, sindano imeshuka ndani ya kitambaa, bobini imejaa. Asubuhi kuna kitu kimoja tu cha kufanya, kukanyaga pedeli. Na kikaratasi kilichobandikwa kwenye cherehani hakisemi "shona sare", kinasema "kola hii, upande wa kushoto". Kuna daktari wa saikolojia wa Marekani, Russell Barkley, ambaye miaka mingi anasema msaada wa watu kama sisi ukae pale pale kazi inapofanyika na wakati ule ule inapofanyika, na mimi niliyaona kwa mikono yangu kabla sijasikia jina lake. Ratiba nzuri iliyobandikwa sebuleni haijawahi kushona hata kifungo.

Sasa kwa mdogo wako. Jioni kabla hajalala fungueni kitabu kwenye ukurasa wa kesho, daftari liko juu yake, namba ya swali imeshaandikwa, kalamu iko katikati ya daftari. Kipande cha kwanza kiwe kifupi mpaka aone aibu kukataa, dakika 5 za kijani tu. Baada ya hapo usikisie urefu, mchunguze siku tatu bila kumwambia, uone anakaa dakika ngapi kwenye hesabu kabla hajainuka mwenyewe. Akiwa anainuka kwenye 14 mpe 12. Mimi wiki ya kwanza nilijipa 45 kwa ushamba, nikashindwa kila siku, nikaichukia saa yenyewe. Na saa ikae mbele yake juu kidogo ya kitabu, si ukuta wa nyuma, asichokiona bila kugeuka kwake hakipo.

Kuchora ndo kugumu, kwa sababu pale anatoka kwenye kitu kitamu kwenda kwenye kitu kichungu. Usimwite kutoka jikoni, hiyo sauti haimfikii, na si jeuri. Nyekundu ikianza nenda mpaka mezani, weka kidole kwenye ile nyekundu, subiri mpaka akujibu neno, hata "mm" ya kweli si ya kukufukuza. Halafu mwambie aandike pembeni mwa picha kitakachofuata, kwa mfano "kivuli cha shavu". Sisi hatuachii kwa sababu tunaogopa tukirudi ile picha ya kichwani itakuwa imeondoka, na kweli huwa inaondoka. Akiiandika iko salama, mkono unalegea. Usimnyang'anye penseli, ukifanya hivyo mara moja tu saa inageuka askari na kesho ataichukia.

Yale yanayoharibika. Kwanza macho yanazoea. Kwangu ni kama wiki ya tatu, saa iko pale pale na siioni tena, inakuwa sehemu ya ukuta. Dalili ni kwamba nyekundu inaisha na hakuna aliyeshtuka. Hapo sihubiri, nabadilisha tu, kijani kinakuwa bluu, saa inahamia upande mwingine, kikaratasi kinakuwa cha rangi nyingine. Pili kuna watu rangi ikipungua wanapata presha, moyo unakimbia na kazi haiendi. Binti anayejifunza kazi kwangu yuko hivyo, yeye nimempa saa ya mchanga anayoigeuza mwenyewe, na ikiisha hakuna mlio, anageuza tena akitaka. Tatu, kama hesabu yenyewe haielewi, rangi haitamfundisha, atakaa dakika 12 anatazama swali, hapo anahitaji mtu wa kumwelekeza. Na mambo ya dawa ni ya daktari wake, mimi huko siingii.

Jinsi ya kujua inafanya kazi, usihesabu maswali aliyomaliza, hesabu dakika kati ya rangi kuisha na yeye kugusa kazi inayofuata. Mimi nilikuwa naandika kwa chaki kwenye mlango. Wiki ya kwanza zilikuwa 25, 30, siku moja nzima sikuhama. Mwezi wa pili nyingi zilikuwa chini ya 8, na bado kuna siku za 40, hasa nikilala vibaya ama nikiwa nimeruka chai. Zikishuka hata nusu tu, endelea.

Umeme ukikatika usihofu, ni ya betri. Ila betri yenyewe ibadilishe mapema, maana mimi niliwahi kukaa kwenye gomesi ile mpaka adhana ya magharibi, kila nikiinua macho kijani bado kimejaa, nafurahi kweli leo muda unanitosha, kumbe mshale umesimama tangu mchana.